Slaidi 24 za mradi, mfadhili anataka kurasa 4 tu, na namba za wanufaika hazikubali kukaa pamoja

slaidi24
Wakuu habari za jioni, naombeni msaada kabla sijaharibu kazi ya watu. Niko kwenye shirika dogo, tuna mradi wa miaka mitatu vijiji sita huko Dodoma: maji, usafi mashuleni, VICOBA na mafunzo ya wakulima. Mwaka wa pili umeisha juzi. Bosi ana pawapointi yake aliyoionyesha kwenye bodi, slaidi 24, nzuri kweli ina picha na vidude vya rangi, bodi walipiga makofi. Sasa mimi nimeambiwa niigeuze kuwa maelezo ya ripoti ya mfadhili, kurasa nne mwisho, na "usibadilishe namba".

Namba zenyewe hizi (nimezichezea kidogo tusijulikane ila picha ni ileile). Slaidi ya maji, watu 12,000. Wanafunzi 5,140. VICOBA watu 6,398. Wakulima 2,310. Mikutano ya hadhara watu 4,200. Slaidi ya kwanza kabisa imeandikwa kwa herufi kubwa MAISHA ZAIDI YA 30,000 YAMEGUSWA, na mimi nimejumlisha inakuja 30,048 so hesabu iko sawa.

Nimeandika aya ya kufungulia hivi, niambieni kama inakaa:

"Katika mwaka wa pili mradi umewafikia wanufaika zaidi ya 30,000, asilimia 74 wakiwa wanawake, na magonjwa ya kuhara katika eneo la mradi yamepungua kwa asilimia 40."

Shida yangu kubwa ni urefu tu, nikiingiza slaidi zote napata kurasa tisa. Nikate nini?

Mpenda_Namba
Aya nzuri mkuu, fupi, imebeba kila kitu. Ushauri wangu usiseme "wanufaika" sema "wanufaika wa moja kwa moja na wasio wa moja kwa moja" hapo unakuwa salama hata wakikuuliza. Sisi ofisini ndo tunafanya hivyo miaka yote.

mama_wa_viashiria
Slaidi24 mwanangu, kabla ya kukata chochote nijibu swali moja. Hivyo vijiji sita vina watu wangapi kwa jumla? Nenda kwenye rejista za watendaji wa vijiji, au piga simu tu kesho asubuhi.

mhasibu_mstaafu
Kijana, ripoti ya kurasa nne haitoshi, lazima kuwe na mchanganuo wa matumizi kwa kila kifungu, risiti zipangwe kwa tarehe, na salio la benki lisomane na kitabu. Nimekaa kwenye kazi hizi miaka 27, wafadhili wanaanguka kwenye risiti.

slaidi24
Mzee shikamoo, asante, ila ya fedha inaandikwa na mhasibu wetu kivyake, mimi nimepewa maelezo tu.

Mama nimepiga simu usiku huuhuu, watendaji wanne wamepokea, wawili niliwapata wasap. Jumla watu 17,900.

...ngoja. Duh.

DerevaWaProjekti
😂😂😂 mmewafikia mpaka marehemu

nyanza_mashinani
Imagini umeandika umefikia watu 30,000 mahali kuna watu 17,900 na mfadhili ako na intaneti. Mkuu hiyo ingekuwa noma sana.

mama_wa_viashiria
Msimcheke, hili ni kosa la kila ofisi, na halikuletwa na uongo, limeletwa na kujumlisha vitu visivyojumlishika. Mwanamke mmoja hapo kijijini anachota maji kwenye kituo chenu, yuko VICOBA, alikuja mafunzo ya kilimo mara tatu, alikaa kwenye mkutano wa hadhara. Kwenye slaidi ya kwanza huyo kahesabiwa mara sita, na mtoto wake wa darasa la tano naye ndani ya familia ya maji, ndani ya familia ya VICOBA, na tena shuleni miaka miwili.

Slaidi inaweza kubeba hilo kwasababu msemaji yupo, bodi wakikunja uso anaeleza. Kwenye ripoti hamna msemaji, sentensi ndo inabaki peke yake na mtu anaisoma mbali huko akiwa na jedwali la mkataba pembeni. Kwahiyo kabla hujafikiria urefu, fungua shiti mpya, kila namba iliyoko kwenye slaidi ipe mstari wake, uandike imetoka faili gani, inahesabu nini hasa (mtu, kaya, au mahudhurio), na ni ya mwaka huu tu au tangu mradi uanze. Usiandike aya yoyote mpaka mistari yote imejaa. Slaidi 24 hazizidi namba arobaini, ni kazi ya siku mbili.

Na zile namba ulizozibandika kwenye aya moja, 30,000, 74% na 40%, angalia kila slaidi maandishi madogo ya chini yanasemaje. Ukifupisha slaidi kitu cha kwanza kudondoka ni yale maandishi madogo, na humo ndo namba ilikuwa inaishi.

slaidi24
Mama nimerudi kutoka kwenye maandishi madogo na sina raha.

74% wanawake, chini imeandikwa "ya wanachama wa VICOBA". Mimi nimeibandika kwa wanufaika wote 😩

40% ya kuhara imetoka zahanati moja tu kati ya tatu, wagonjwa walitoka 30 hadi 18. Na ya kwanza ni mwezi wa pili mwaka jana mvua zikiwa zimekolea, ya pili ni mwezi wa nane kiangazi.

12,000 ya maji ni vituo vya kuchotea 48 mara 250.

6,398 ya VICOBA ni wanachama 1,488 mara 4.3, ule wastani wa watu kwa kaya.

Wakulima 2,310 bado natafuta faili.

Mpenda_Namba
Sasa hapo kwenye maji mbona hamna shida, 250 ni kiwango cha serikali kabisa, Sera ya Maji ya 2002 inasema kituo kimoja watu 250 ndani ya mita 400. Hata kile kitabu cha Sphere cha wakati wa dharura kinasema bomba moja watu 250. Huwezi kukosolewa kwa kutumia kiwango cha kitaifa.

mama_wa_viashiria
Kiwango umekitaja sawasawa kabisa, ila kile ni cha fundi anapopanga vituo vingapi vijengwe. Kinasema kituo kisizidiwe na watu zaidi ya hao. Hakisemi watu 250 wanakuja. Unaweza kujenga kituo wakaja watu 90 kwasababu kisima cha zamani kiko karibu na hakilipiwi, au wakaja 400 foleni mpaka saa nne usiku. Ukiandika "watu 12,000 wanapata maji safi" umeripoti uwezo wa bomba ukaupa jina la watu.

Slaidi24, vituo 48 vimejengwa. Vingapi vinatoa maji leo?

slaidi24
Kwa ripoti ya fundi ya mwezi uliopita ni 41. Saba vimekufa, vitano ni koki na viwili laini imepasuka.

mama_wa_viashiria
Basi nenda kwa chombo cha watumia maji, wale wanaokusanya pesa ya maji. Wana daftari la kaya zinazochota, kwasababu wanazidai. Hesabu kaya za vituo 41 tu. Hiyo ndo namba yako ya maji, na ina mwenyewe wa kuulizwa.

Kuhusu kuhara, isiingie kabisa kwenye aya ya kufungulia. Mwezi wa mvua na mwezi wa kiangazi havilinganishwi, kuhara kungepungua hata msingechimba mtaro. Ukiwa na miezi ileile ya miaka miwili, kwa zahanati zote tatu, andika idadi yenyewe: kutoka wagonjwa kadhaa hadi kadhaa. Usiandike asilimia kwa watu thelathini, watu wawili wakiugua asilimia inaruka.

DerevaWaProjekti
Hapo kwenye wakulima ntawaambia mimi, maana nyie wa ofisini hamkuwepo. Mimi dereva, kwenye mradi fulani wa zamani (sio huu) karatasi ya mahudhurio ilikuwa inapitishwa na soda. Anayekuja kula anasaini. Mimi mwenyewe nimesaini kama mkulima mara mbili kwasababu posho ya nauli ilikuwa imebaki na afisa hakutaka irudi. Na siku ya pili ya mafunzo jina lilelile linasaini tena, siku ya tatu tena. Mwisho wa wiki watu 30 wanakuwa 90. Kaangalie faili lako utanikumbuka.

slaidi24
Kaka dereva umepiga palepale. Faili nimelipata, 2,310 ni saini. Tulikuwa na awamu tatu, kila awamu watu walewale wengi. Nimekaa na majina mpaka usiku, watu halisi waliohudhuria angalau mara moja ni 940.

Sasa VICOBA. Nina orodha ya mistari 1,488 ila naona majina yanajirudia, kuna watu wako vikundi viwili. Kuna fomula ya kuhesabu bila kurudia?

nyanza_mashinani
Iko, kama namba ya simu iko kolamu ya D:

```
=SUMPRODUCT(1/COUNTIF(D2:D1489,D2:D1489))
```

Seli isiwe tupu hata moja la sivyo itakuletea kosa la kugawa kwa sifuri. Lakini chunga, huku kwetu tulihesabu kwa simu pekee tukapoteza wamama wengi, kwa sababu bibi na bwana wanatumia laini moja, ama mama hana simu anaandikisha ya kijana wake.

slaidi24
Nimejaribu. Kwa simu pekee imekuja 1,209. Nikatengeneza kolamu ya jina na simu pamoja, ikaja 1,402. Nishike ipi??

mama_wa_viashiria
Usishike yoyote. Simu pekee inapunguza, kwa sababu aliyoisema wa Nyanza. Jina na simu pamoja inazidisha, maana mtu huyohuyo kikundi cha kwanza kaandikwa Mwajuma Hamisi, cha pili Mwajuma Hamis, kompyuta inaona watu wawili. Jibu liko katikati. Panga orodha kwa simu, kila simu iliyojirudia itazame kwa macho: majina yanafanana, mwaka wa kuzaliwa uleule, kitongoji kilekile, ni mtu mmoja. Majina tofauti, acha wawili. Halafu ile mistari ambayo bado una wasiwasi nayo mpigie katibu wa kikundi, anawajua wote mpaka na madeni yao.

Mpenda_Namba
Ila mama na wewe unamtesa kijana. Mfadhili hasomi yote hayo, anasoma ukurasa wa kwanza na picha. Na akiweka namba ndogo mwaka wa tatu hela haiji. Tuwe wakweli hapa.

mama_wa_viashiria
Nimekaa upande wa pili wa meza miaka minne, nilikuwa nasoma hizo ripoti. Kitu cha kwanza tulichokuwa tunafanya ni kuchukua namba ya kwenye maelezo na kuilinganisha na jedwali la viashiria mwishoni. Hazisomani, ripoti inarudi. Cha pili, namba ya mwaka jana. Slaidi24, mwaka jana mliripoti wangapi, na mkataba unasema lengo ni wangapi?

slaidi24
Lengo la miaka mitatu ni wanufaika wa moja kwa moja 15,000. Mwaka wa kwanza tuliripoti 11,900.

Na nimemaliza kutazama kwa macho, siku tatu. VICOBA watu halisi 1,317. Yaani 171 walikuwa marudio. Daftari la watumia maji, kaya 2,046 kwa vituo 41.

Shule 8, 5,140 ni mwaka wa kwanza 2,480 na mwaka wa pili 2,660 zimejumlishwa. Hapo nimekwama, ni shule zilezile, lakini si kweli pia kwamba ni watoto walewale wote.

mwl_wa_darasa_la_nne
Hapa mimi nasaidia bila hata kujua mambo ya miradi. Watoto wa mwaka wa kwanza wote 2,480 walishafundishwa. Mwaka wa pili waongeze wageni tu, yaani walioingia darasa la kwanza na waliohamia, wapo kwenye rejista ya uandikishaji ya kila shule, mwalimu mkuu anakupa kwa dakika kumi. Waliomaliza la saba usiwatoe kwasababu walishapata somo. Na usiniulize kwanini kitabu cha mahudhurio hakisomani na rejista ya uandikishaji, hilo tuliache.

slaidi24
Mwalimu Mungu akubariki. Wageni ni 390, kwahiyo tangu mradi uanze 2,870. Na inajifunga: 2,480 toa 210 waliomaliza, ongeza 390, inakuja 2,660 ileile ya mwaka wa pili.

Sasa nikijumlisha: maji 2,046 mara 4.3 ni kama 8,798, wanafunzi 2,870, VICOBA 1,317, wakulima 940. Jumla 13,925. Si mbaya, karibu 15,000!

mama_wa_viashiria
Polepole. Umetoa marudio ndani ya kila kapu, bado marudio kati ya kapu na kapu. Mwanafunzi wa familia inayochota maji yako ameshahesabiwa kwenye 8,798. Anza na maji kwasababu ndo kapu kubwa na lina familia nzima, halafu kwa kila kapu lingine uliza nani *hayumo* kwenye maji, huyo tu ndo unaongeza.

VICOBA na wakulima una majina na vitongoji, linganisha na daftari la maji kaya kwa kaya. Wanafunzi hutaweza kwa majina, usijaribu. Chukua watoto wa vitongoji visivyokuwa na kituo chenu hata kimoja, hao hesabu. Wale wa vitongoji vyenye kituo, chukulia wameshahesabiwa, ingawa sio kila nyumba inachota. Utakosea kwa kupunguza, na kosa hilo unaweza kuliandika kwa sentensi moja ukalala.

Na wajumbe wa mikutano ya hadhara 4,200 hawaingii humu. Hao waandike peke yao, "waliohudhuria mikutano", kama ilivyo. Vilevile familia za wana VICOBA, ile mara 4.3: mwanachama ndo amekopa na kuweka akiba, mume na watoto ni wanufaika wasio wa moja kwa moja. Maji ni tofauti maana nyumba nzima inayanywa.

nyanza_mashinani
Swali la pembeni mama, hiyo 4.3 ni ya sensa yenu ya 2022 sindio? Sisi sensa ya 2019 ilitupatia 3.9. Donda letu ni kwamba andiko la mradi liliandikwa kabla ya sensa mpya, lengo lilipigwa na wastani wa zamani. Sasa tukitumia mpya tunaonekana tumepoteza watu na hakuna mtu amehama.

slaidi24
Oooh. Nimefungua andiko letu la mradi. Lengo la maji lilipigwa kwa 4.7, sensa ya 2012. Kumbe bosi kwenye slaidi ndo alibadilisha ikawa 4.3.

Mpenda_Namba
Hapo sasa nina hoja na msinizomee. Tumia 4.7. Ukipima lengo kwa rula moja na matokeo kwa rula nyingine hujapima kitu.

mama_wa_viashiria
Sikuzomei, kwa hilo una hoja nzito. Mimi ningetumia 4.3 kwasababu ndo hali ya sasa, na lengo nalo ningeomba lipigwe upya kwa 4.3, ila najua wenzangu wengi wangefanya kama wewe, wabaki na 4.7 mpaka mradi uishe. Kitu kisichokubalika ni kuchanganya, au kubadilisha kimyakimya. Slaidi24 hili muulize afisa wa mfadhili, mpe namba zote mbili.

mkaazi_wa_kitongoji
Samahanini mimi sio mtu wa mashirika, napita tu. Kwetu kuna mradi walitupiga picha tukiwa kwenye foleni ya maji, baadae nikaiona kwenye mtandao imeandikwa "mama huyu sasa anatumia dakika tano kufuata maji". Ilikuwa siku ya uzinduzi! Bomba lilikufa wiki ya tatu. Hizo picha nazo mnazihesabu?

slaidi24
Pole sana. Na umenishtua maana slaidi ya 9 ina picha kama hiyo. Ntaangalia kituo hicho kama ni kati ya vile saba.

slaidi24
Nimerudi baada ya siku nne.

Wana VICOBA wasiokuwemo kwenye daftari la maji ni 412. Wakulima wasiokuwemo ni 388, lakini 97 kati yao ni walewale wana VICOBA nilioshawaongeza, kwahiyo 291. Wanafunzi wa vitongoji visivyo na kituo 1,130. Ukiweka na maji 8,798 inakuja 10,631. Kwa 4.7 ingekuwa 11,449.

Picha ya slaidi 9: kituo ni kati ya vile saba. Nimeitoa.

Sasa kimbembe. Mwaka jana tuliripoti 11,900 tangu mradi uanze. Mwaka huu, baada ya kazi ya mwaka mzima, niandike 10,631? Bosi amesema "haiwezekani namba ya kujilimbikiza ikashuka, tafuta njia". Nimemuonyesha shiti yote mstari kwa mstari, akanyamaza muda mrefu, akasema atalala nalo.

mhasibu_mstaafu
Sasa ndo nimeelewa mnachozungumza. Kijana, sisi kwenye vitabu kosa la mwaka jana halifutwi. Unaliacha lilipo, unaandika marekebisho mwaka huu, unaeleza sababu, unasaini. Ukilificha ndani ya namba ya mwaka huu mkaguzi atalikuta na hatolielewa kama kosa tena.

mama_wa_viashiria
Mzee kamaliza. Bosi wako anasema kweli kwamba namba ya kujilimbikiza haishuki, ndo maana lazima useme wazi kwamba ya mwaka jana ilikuwa na marudio. Ipige upya ya mwaka wa kwanza kwa njia hiihii, uweke zote mbili kwenye jedwali, iliyoripotiwa na iliyorekebishwa, ili ongezeko la mwaka huu lionekane lilivyo. Na afisa wa mfadhili apate barua pepe kabla ya ripoti. Asikute kwenye ukurasa wa pili akiwa kwenye kikao na mabosi zake.

Tupe aya zako mpya tuzione, maana ndo ulikuja nazo.

slaidi24
Mwaka wa kwanza kwa njia hii imekuja 6,940. Kwahiyo mwaka huu tumeongeza 3,691, ambayo kiukweli ni kazi kubwa na ilikuwa imefichwa na ile 11,900. Aya hizi hapa:

"Hadi mwisho wa mwaka wa pili, watu wapatao 10,600 katika vijiji sita wamenufaika moja kwa moja na mradi, sawa na asilimia 71 ya lengo la 15,000. Kila mtu amehesabiwa mara moja hata kama ameshiriki shughuli zaidi ya moja. Wengi wao, wapatao 8,800, ni watu wa kaya 2,046 zinazochota maji kwenye vituo 41 vinavyofanya kazi kati ya 48 vilivyojengwa. Vituo saba havitoi maji, na mpango wa kuvitengeneza uko sehemu ya 4.

Idadi hii ni ndogo kuliko 11,900 tuliyoripoti mwaka jana. Idadi ile ilijumlisha washiriki wa kila shughuli bila kuondoa waliojirudia. Kwa hesabu iliyorekebishwa, mwaka wa kwanza ulifikia watu 6,940, na mwaka huu umeongeza 3,691. Idadi ya watu kwenye kaya imekadiriwa kwa wastani wa 4.3 wa sensa ya 2022, wakati lengo liliwekwa kwa wastani wa 4.7.

Vikundi vya VICOBA vina wanachama 1,317, ambao asilimia 74 ni wanawake."

Slaidi zingine nimeziacha kama viambatisho, ripoti imekuwa kurasa tatu na nusu. Kumbe nilipojua kila namba ni ya nini, slaidi kumi zilikuwa zinasema kitu kimoja kwa rangi tofauti.

mama_wa_viashiria
Nzuri. Mambo mawili. Kwanza, aya ya kwanza umesema 10,600 na kwenye jedwali nadhani una 10,631. Sawa, ila chini ya jedwali andika kwamba kwenye maelezo zimekadiriwa kwa mia. Namba za kuhesabu kwa majina kama 1,317 ziache zilivyo, zile zilizopita kwenye 4.3 ndo zikadiriwe, maana hamna aliyehesabu watu 8,798 kweli.

Pili, ile 74%. Ulipiga kwenye mistari 1,488 au kwenye watu 1,317?

slaidi24
...

DerevaWaProjekti
😂😂 ameenda kufungua shiti

slaidi24
Ilikuwa kwenye 1,488. Kwenye watu 1,317 ni wanawake 943, kwahiyo asilimia 72. Waliojiandikisha vikundi viwili wengi ni wamama. Nimebadilisha.

Mpenda_Namba
Asilimia mbili tu jamani 😅 Haya, na bosi kalalaje?

slaidi24
Amesaini barua pepe kwenda kwa afisa wa mfadhili asubuhi hii, ila sentensi ya "idadi hii ni ndogo kuliko" aliitaka iende mwisho wa ripoti, nikamwambia mama wa jukwaani amekataa, akauliza mama gani 😂 Tumekubaliana ibaki ukurasa wa kwanza lakini chini ya jedwali. Afisa amejibu kwamba amepokea, anataka tuzungumze Alhamisi kuhusu 4.3 na 4.7, hajasema anaegemea wapi.

nyanza_mashinani
Ukishaongea naye rudi utuambie alisema aje, mimi yangu inaenda mwisho wa mwezi na bado niko na 3.9 mkononi.

mkaazi_wa_kitongoji
Na vile vituo saba vinatengenezwa lini?

slaidi24
Koki tano zimeshanunuliwa, fundi anaenda Jumatatu. Laini mbili zilizopasuka bado, mabomba hayajaidhinishwa kwenye bajeti.